Herufi ya Nane

Slaidi inayofundisha kazi ya DNA ni karibu ileile kila mahali. Kushoto pameandikwa DNA, katikati RNA, kulia protini. Mshale mmoja umejikunja na kuirudia DNA yenyewe, wa pili unatoka DNA kwenda RNA, wa tatu unatoka RNA kwenda protini. Chini ya mishale hiyo kuna maneno matatu: urudufishaji, unukuzi, utafsiri. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita pale Lushoto huisoma kama anavyohesabu vituo vya gari linalopanda mlima: Mombo, kisha Soni, kisha Lushoto. Kwanza DNA inajirudufu, halafu inanukuliwa, mwisho inatafsiriwa.

Hapo ndipo anapopotea, na kosa si lake peke yake. Mchoro umepangwa kwa namna inayomwalika apotee.

Urudufishaji si hatua ya kwanza ya kutengeneza protini. Ni kazi nyingine kabisa, yenye wakati wake na sababu yake. Seli hurudufu DNA pale tu inapojiandaa kugawanyika, na ikianza hurudufu yote, kwa binadamu jozi za herufi zipatazo bilioni 3 kwa kila seti ya kromosomu, ili kila seli changa ipate nakala kamili. Unukuzi na utafsiri havingoji mgawanyiko. Seli nyingi za neva katika ubongo wa mtu mzima hazigawanyiki tena hadi mwenyewe anapokufa, lakini zinanukuu jeni na kutafsiri protini usiku na mchana. Kwa hiyo katika slaidi ile mna safari mbili. Mshale uliojikunja unapeleka maandishi kutoka seli hadi seli, na kutoka mzazi hadi mtoto. Mishale miwili iliyonyooka inayatumia maandishi hayohayo ndani ya seli moja, leo. Safari zote mbili zinaanzia mahali pamoja, na huo ndio uhusiano wake.

Ili jambo hili lionekane, ni afadhali kuacha maneno na kushika herufi. Mfuatano ufuatao ni wa kubuni, una herufi 18 tu, na haukuchukuliwa kutoka jeni yoyote:

```
5' ATG CTT GAG AAA TGG TAA 3'
3' TAC GAA CTC TTT ACC ATT 5'
```

Nyuzi ni mbili na zinatazamana: A hukaa mbele ya T, G mbele ya C. Namba 5 na 3 zilizo pembeni zinaonyesha ncha za uzi, na nyuzi hizo zinaelekea pande tofauti, mmoja ukienda na mwingine ukirudi. Nafasi zilizoachwa kati ya herufi tatutatu ni za kumsaidia msomaji. DNA yenyewe haina nafasi wala nukta.

Wakati wa urudufishaji kimeng'enya kiitwacho helikasi hufungua nyuzi hizo mbili, na DNA polimerasi huujengea kila uzi mwenzake mpya. Palipokuwa na jozi moja panakuwa na jozi mbili zinazofanana, na katika kila jozi uzi mmoja ni wa zamani na mwingine ni mpya. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walilithibitisha hilo huko Marekani kwa kuwalisha bakteria naitrojeni nzito, kisha nyepesi, na kupima uzito wa DNA ya kila kizazi. Kwa mfuatano wetu, mazao ya hatua hii ni herufi zilezile 18, mara mbili. Hakuna RNA iliyotokea, wala protini.

Sasa seli nyingine, au seli ileile saa nyingine, inahitaji protini. RNA polimerasi inakuja, inafungua sehemu ndogo ya DNA na kuusoma uzi mmoja tu, ule wa chini, unaoitwa kiolezo. Inausoma kuanzia ncha ya 3, na kila inapokutana na A inaweka U, kwa kuwa RNA haina T:

```
5' AUG CUU GAG AAA UGG UAA 3'
```

Msomaji mwenye jicho kali ataona kwamba RNA hii inafanana na uzi wa juu wa DNA, ila T zote zimegeuka U. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Uzi wa juu haukuguswa, lakini kwa kuwa yeye na RNA wote ni wenza wa kiolezo kilekile, lazima wafanane.

Kisha ribosomu inaishika RNA hiyo na kuisoma herufi tatutatu. Kila tatu ni kodoni moja. AUG ni alama ya kuanza na pia ni methionini. CUU ni lusini, GAG ni asidi glutamiki, AAA ni lisini, UGG ni triptofani. UAA haina asidi amino yoyote. Inaiamuru ribosomu isimame. Zimepatikana asidi amino tano katika mnyororo:

```
Met-Leu-Glu-Lys-Trp
```

Katika zoezi kama hili makosa mawili hujirudia kila mwaka, na cha kuchekesha ni kwamba yote mawili huishia kwenye jibu moja. La kwanza ni kuuchukua uzi wa juu kana kwamba ndio kiolezo. Mwanafunzi anaandika UAC GAA CUC UUU ACC AUU, anafungua jedwali la kodoni na kupata tairosini, asidi glutamiki, lusini, fenilalanini, threonini, isolusini. La pili ni la yule aliyenukuu vizuri kabisa, lakini alipofika kwenye utafsiri akaandika herufi za RNA ndogo zinazobeba asidi amino, yaani UAC inayojishika kwenye AUG, GAA inayojishika kwenye CUU, akazitafuta hizo ndani ya jedwali. Naye anaanza na tairosini. Jedwali limetengenezwa kwa kodoni za RNA inayosomwa, si kwa herufi za mbebaji. Mwalimu akiona mnyororo unaoanza na tairosini badala ya methionini, na usio na mahali pa kusimama, hana haja ya kusoma ukurasa mzima. Swali la kumuuliza mwanafunzi ni moja tu: umesoma uzi upi?

Baada ya hapo inafaa kuiharibu herufi moja na kutazama. Herufi ya nane ya uzi wa juu ni A, iliyo katikati ya GAG. Ikiwa T, kodoni inasomeka GUG kwenye RNA, na mahali pa asidi glutamiki panakaa valini. Mnyororo unabaki na asidi amino tano, lakini ya tatu si yenyewe. Ikibadilika herufi ya tisa, G ikawa A, kodoni ni GAA, nayo pia ni asidi glutamiki, kwa hiyo protini haikuguswa hata kidogo. Ikibadilika ya saba, G ikawa T, kodoni inakuwa UAG, ambayo ni amri ya kusimama, na mnyororo unakatika baada ya methionini na lusini. Na ile ya nane ikidondoka kabisa, herufi zote zinazoifuata zinasogea nafasi moja:

```
ATG CTT GGA AAT GGT AA
```

Lisini na triptofani zimetoweka, na alama ya kusimama imepotea pamoja nazo. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini ribosomu haina budi kuanza kuhesabu mahali sahihi.

Kuna swali ambalo slaidi nyingi haziliulizi: hiyo T mahali pa A imeingilia mshale upi? Jibu linabadilisha kila kitu.

Tuseme imeingia kwenye utafsiri. Ribosomu moja imekosea na kuweka valini, kosa ambalo kwa makadirio ya kawaida hutokea mara moja katika maelfu machache ya asidi amino. Molekuli moja ya protini imeharibika kati ya maelfu, itavunjwavunjwa, na hakuna atakayejua. Tuseme imeingia kwenye unukuzi. Nakala moja ya RNA ina GUG, na kila ribosomu itakayoisoma itaweka valini kwa utiifu kamili. Lakini RNA hiyo ina saa au siku chache za kuishi. Ikivunjika, kosa limekufa nayo, kwa sababu DNA iliyonukuliwa bado ina GAG.

Urudufishaji ni habari nyingine. Polimerasi imeweka T mbele ya T ya kiolezo, badala ya A. Seli ina nafasi kadhaa za kujisahihisha, na kwa sababu hiyo kosa linalobaki ni takriban moja katika herufi bilioni. Likibaki, halikamiliki siku hiyohiyo: bado kuna T mbili zinazotazamana, jozi isiyofaa. Ni katika mgawanyiko unaofuata ndipo T ngeni inapojengewa A kama mwenza wake, na seli moja inapata GTG iliyotimia huku dada yake akibaki na GAG. Tangu hapo kila urudufishaji utainakili GTG kwa uaminifu uleule inaoinakili GAG. Ikiwa seli hiyo ni ya ukoo unaozaa mayai au mbegu za kiume, kosa linaweza kuingia katika kizazi kingine.

Na liliingia. GAG kuwa GTG si mfano wa darasani tu. Jeni ya sehemu ya himoglobini iitwayo beta, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, huanza kusomeka hivi:

```
ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT
```

A ya GAG ile ya kwanza ni herufi ya 20 ya maandishi yanayotafsiriwa, kati ya herufi 444. Ikiwa T, asidi glutamiki inaondoka na valini inaingia. Mtu aliyerithi GTG kutoka kwa baba na kwa mama pia ana selimundu, ugonjwa ambao nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 wanakadiriwa kuzaliwa nao kila mwaka. Valini haipendi maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, sehemu hiyo ya valini hujibandika kwenye molekuli jirani, nyuzi ndefu zinajengeka, na chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu.

Chembe nyekundu, kwa bahati, ndiyo mahali pazuri pa kuona kwamba mishale mitatu haifuatani kama vituo. Mama yake, seli ya uboho, hugawanyika mara kadhaa, na kila mara hurudufu DNA yote. Kisha huacha kugawanyika, hunukuu jeni za himoglobini kwa nguvu, na mwisho hukitupa nje kiini chake chote pamoja na DNA. Kwa siku moja au mbili hivi chembe changa isiyo na jeni hata moja huendelea kutafsiri himoglobini kwa RNA iliyobaki. Baada ya hapo mishale yote imezimika, na chembe inazunguka mwilini miezi minne ikiwa imejaa protini isiyo na maandishi.

Daktari anayechukua damu ya mgonjwa anapaswa kulijua hilo. Kipimo cha kutenganisha himoglobini kwa umeme kinatumia chembe nyekundu na kinatazama protini: asidi glutamiki ina chaji hasi, valini haina, kwa hiyo himoglobini ya selimundu huvutwa polepole zaidi kuelekea ncha chanya. Linus Pauling na wenzake walionyesha tofauti hiyo mwaka 1949, na Vernon Ingram akaonyesha miaka michache baadaye kwamba yote yanatokana na asidi amino moja. Kipimo cha DNA kutoka tone lilelile la damu hutumia chembe nyeupe, kwa sababu nyekundu haina cha kusomwa. Chembe nyeupe nayo ina jeni ya himoglobini nzima, herufi zote, ila haiinukuu. Mshale uliojikunja umeifikisha jeni hiyo kila mahali, na ule ulionyooka hufanya kazi uboho tu.

Tofauti ya chaji inaonekana maabara. Kwa nini GTG imeenea namna ilivyoenea ni swali la milimani.

Barabara inayotoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na inapanda kutoka tambarare yenye joto hadi mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa inapoa, na kwa kupoa huko vimelea vya malaria vinachelewa kukomaa ndani ya mbu. Watafiti waliopima mbu katika vijiji vya miteremko ya Usambara, na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walikuta kwamba kati ya mita 300 na tambarare ya juu maambukizi yanapungua zaidi ya mara elfu. Ni safari ya asubuhi moja kwa gari.

Anthony Allison, daktari Mwingereza aliyekulia Kenya, alikuwa ameshauona mpangilio mkubwa wa namna hiyo nusu karne kabla. Alipopima damu za watu wa Afrika Mashariki alikuta sifa ya selimundu ni ya kawaida pwani na karibu na Ziwa Viktoria, na ni adimu nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: aliyerithi GTG moja na GAG moja haugui selimundu, na akiwa mtoto hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria nyingi, GTG moja ni faida. Pasipo na malaria haina cha kulipa, na watoto wanaopata mbili wanaugua bila fidia yoyote kwa ukoo.

Hapa hitimisho baya huja haraka, na mwanafunzi aliyesoma mishale bila kuifikiria hulitoa: kwamba malaria ya tambarare ndiyo iliyoigeuza A kuwa T, mwili ukaona hatari na kujiandikia kinga. Francis Crick alilifunga jambo hilo katika mhadhara wake wa London mwaka 1957, uliochapishwa mwaka uliofuata, na huko ndiko lilikotoka jina la kanuni kuu linalopamba slaidi hizi hadi leo. Msingi wa hoja yake haukuwa mishale iliyochorwa. Ulikuwa ule usiochorwa: taarifa ikishaingia kwenye protini haitoki tena. Hakuna kimeng'enya kinachosoma valini na kwenda kuandika GTG kwenye DNA. Hakuna njia ya homa ya mtoto wa Mombo kufika kwenye herufi ya 20 ya jeni yake. Herufi ilikosewa kwenye urudufishaji, bila kusudi na bila kujua malaria ni nini, na baadaye wenye nakala yake moja wakaacha watoto wengi zaidi walio hai kuliko majirani zao. Mlima haukuandika chochote. Ulichagua kati ya yaliyokwisha kuandikwa.

Slaidi nyingine huongeza kwamba virusi vya Ukimwi vimeivunja kanuni ya Crick, kwa kuwa vinageuza RNA yao kuwa DNA. Si kweli. Howard Temin na David Baltimore walipokigundua kimeng'enya hicho katika virusi vingine mwaka 1970, Crick alijibu mwaka uleule kwamba hakuwahi kuukataa mshale wa kutoka RNA kurudi DNA, kwani pande zote mbili ni herufi zinazojengeana wenza. Alichokataa ni mshale wa kutoka protini kurudi nyuma, na huo haujapatikana.

Kwa aliye na selimundu mishale hii si nadharia, kwa maana kila tiba ina mshale inaoushika. Haidroksiyurea, dawa ya vidonge inayotumika pia Tanzania, haiigusi herufi ya 20. Inasaidia zaidi kwa kurudisha himoglobini ya kichanga: jeni za gama, zilizonyamazishwa tangu mtoto alipozaliwa, zinaanza kunukuliwa tena kwa kiasi fulani, na himoglobini yake inazuia zile nyuzi kujengeka. Mgonjwa akiacha vidonge, unukuzi huo unapungua.

Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, imeingia kwenye DNA yenyewe. Seli mama za damu hutolewa, herufi zinazoisaidia jeni moja iitwayo BCL11A kufanya kazi hukatwa, na kwa kuwa jeni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiinyamazisha gama, gama inaamka. Seli zilizokatwa zikirudishwa kwenye uboho, kila urudufishaji unaofuata unainakili mikato hiyo, ndiyo maana tiba hutolewa mara moja. GTG haikurudishwa kuwa GAG. Na kwa vile mayai na mbegu za kiume havikuguswa, mgonjwa aliyepata nafuu kwa njia hiyo bado atamrithisha kila mtoto wake GTG moja, na mtoto huyo atapata ya pili au hatapata kulingana na damu ya mzazi mwenzake, ambayo kipimo chake hospitalini hakihitaji zaidi ya matone machache.